Benki yataka nitie sahihi murabaha mpya wa tuktuk. Nitie?

Assalam aleikum mwalimu,

Mimi ni mama wa Kisauni, nafanya biashara ndogo. Mwaka jana nilichukua tuktuk kwa murabaha kutoka benki moja hapa Mombasa. Mkataba wasema hivi: gharama 505,000 (tuktuk 480,000, bima 18,000, usajili na nambari 7,000), faida 80,000, bei 585,000. Nilitanguliza 105,000. Zilizobaki 480,000 ni awamu 24 za shilingi 20,000, kila tarehe 5.

Nililipa awamu 9 bila tatizo. Kisha injini ikafa. Tuktuk ikalala gereji Kongowea wiki sita, na dereva akaenda zake. Awamu tatu zikanipita. Sasa yatembea tena na dereva mpya aniletea hesabu ya shilingi 1,000 kwa siku. Lakini stetimenti yaonyesha nadaiwa "mchango wa kuchelewa" wa shilingi 3,672. Mkataba wasema ni asilimia 3 kwa mwezi ya awamu zilizochelewa, na kwamba pesa hizo zaenda kwa mambo ya heri. Mume wangu asema hiyo ni riba iliyovishwa kanzu.

Afisa wa benki, kijana mpole, ameniita akasema tufunge deni langu la 300,000 nianze murabaha mpya wa miezi 24, nilipe 15,000 kwa mwezi. Moyo umependa, maana 15,000 naiweza. Ataka sahihi kabla ya Ijumaa.

Tena kuna jambo. Nilikwenda kwa muuzaji wa tuktuk kuuliza waranti ya injini, karani akanitolea nakala ya ankara waliyoiandikia benki: bei 480,000, punguzo 20,000, jumla 460,000. Hizo 20,000 ni za nani? Na nina bangili mbili za dhahabu. Niziuze niyamalize haya?

Mama wa Kisauni

*

Wa aleikum salaam warahmatullah, dada yangu.

Kabla ya lolote lingine: Ijumaa usitie sahihi. Mwambie yule kijana, kwa adabu, kwamba unaomba muda wa kusoma na kwamba utajibu kwa maandishi. Murabaha ni kuuziwa kitu kwa gharama na faida iliyotajwa, na hakuna kifungu chake kinachomlazimisha mteja kuanza mkataba wa pili kwa sababu wa kwanza umechelewa. Nakuhimiza hivi kwa sababu wewe umeitazama ile 15,000, nami nimeitazama 24. Zidisha. Awamu 24 za 15,000 ni shilingi 360,000. Deni ulilonalo mezani leo ni 300,000. Hizo 60,000 za juu ni za nini?

Si bei ya tuktuk. Tuktuk ulikwisha uziwa, ni yako. Benki ilinunua kwa muuzaji, ikakuuzia wewe kwa 585,000, mkakubaliana, biashara ikaisha siku hiyo. Kilichobaki baina yenu ni deni tu, na deni hilo lina kima kimoja. Hizo 60,000 ni malipo ya kuongezewa muda wa kulipa, basi. Na kuongeza deni ili kuongeza muda ndiyo riba ambayo Qurani iliwakuta Waarabu wakiifanya: siku ya kulipa ikifika, mdai humuuliza mdaiwa, unalipa au tuongeze? Majopo ya wanazuoni wa zama zetu yanayoshughulika na mabenki hayakuliacha wazi jambo hili. Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu, lilipokutana Jidda mwaka 1990 kujadili mauzo ya awamu, liliamua kwamba mnunuzi akichelewa haijuzu kumwongezea chochote juu ya deni, iwe kulikuwa na sharti hilo tangu mwanzo au hapakuwa. Na AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayotunga viwango vya sharia na uhasibu kwa mabenki ya Kiislamu, katika kiwango chake cha murabaha inakataza kurefusha muda wa deni kwa nyongeza, hata kama mdaiwa ni tajiri na hata kama ni maskini.

Labda utaambiwa kwamba huu ni mkataba mpya kabisa, si nyongeza. Basi uliza swali moja: mnaniuzia nini? Murabaha bila bidhaa haipo. Kama bidhaa ni tuktuk ileile iliyo kwako, wanaiuza vipi na si yao? Kama kuna bidhaa nyingine itakayopita kwenye karatasi ili pesa zake zifute deni la kwanza, basi bidhaa hiyo imeletwa kwa kazi moja, kuigeuza 300,000 iwe 360,000. Wanazuoni huita hilo kugeuza deni, nao wamelikataza.

Unachoweza kuomba kihalali ni kile kile kinachokupendeza, ila bila nyongeza. Shilingi 300,000 zikigawanywa kwa awamu za 15,000 zinakwisha kwa miezi 20. Hesabu ni hiyo, mwezi ni uleule wa 15,000 unaouweza, na unatoka miezi minne mapema. Hii huitwa kupanga upya ratiba ya malipo. Benki inaruhusiwa kuifanya, na hasara yake ni kusubiri tu. Mabenki hayapendi kuitaja kwanza, maana kusubiri hakuwaletei faida, lakini ukiomba kwa barua na ukaonyesha tuktuk inaingiza pesa, mara nyingi hukubali. Afadhali kwao mteja anayelipa 15,000 kuliko kuita dalali.

Na ujue pia upande wao, usije ukashtuka. Uamuzi ule ule wa Jidda umeruhusu muuzaji kuweka sharti kwamba mnunuzi akikosa awamu kadhaa, zote zilizobaki ziwe zimefika wakati wake. Tazama mkataba wako, kuna uwezekano mkubwa kifungu hicho kimo. Maana yake benki inaweza kudai 300,000 yote leo. Inachoshindwa ni kudai 300,001, ukiacha gharama za kweli za kufuatilia deni kama za wakili, zenye risiti, pale mdaiwa anapochelewesha ilhali anaweza kulipa. Vilevile tuktuk imewekwa rahani kwao, ndiyo maana logibuku ina jina lako na lao pamoja. Wakifika kuiuza, ni mali yako inayouzwa kulipa deni lako, na kinachozidi deni ni chako. Hawaichukui kama mwenye duka anayerudisha bidhaa yake rafuni.

Sasa lile la mumeo. Nampa haki ya kuuliza, maana mlango wa riba mara nyingi huwa hapo hapo. Lakini mchango wa kuchelewa una asili yake. Mabenki yalipoanza kuuza kwa murabaha yaligundua kwamba, kwa kuwa deni haliongezeki, kuna wenye uwezo waliokuwa wakiweka pesa yao kwingine na kuiacha benki isubiri. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema kuchelewesha kwa mwenye uwezo ni dhuluma. Ndipo wanazuoni wakachukua rai iliyokuwepo katika madhehebu ya Maliki, kwamba mtu anaweza kujifunga mwenyewe kutoa sadaka iwapo atachelewa, wakairuhusu kwa masharti. Pesa hiyo isiingie katika mapato ya benki. Ikae katika akaunti yake, itoke kwenda kwa mambo ya heri, na bodi ya sharia ya benki isimamie. Ikiingia mfukoni mwa benki hata kwa jina la fidia ya faida waliyoikosa, mumeo kasema kweli, ni riba.

Kwa hiyo una haki ya kuiuliza benki pesa hizo zinakwenda wapi. Omba wakuonyeshe katika taarifa zao za fedha za mwaka, fungu la mapato yasiyo halali kwao au fungu la sadaka, jumla iliyokusanywa na ilikotolewa. Benki inayofanya sawasawa haioni aibu kuonyesha.

Lakini kwako mimi nimegota kwenye kiasi chenyewe. Hebu tuchukue kalamu. Tarehe 5 ya kwanza uliyoikosa, kilichochelewa ni 20,000, asilimia 3 yake ni 600. Ya pili, zilizochelewa zimekuwa 40,000, asilimia 3 ni 1,200. Ya tatu ni 60,000, na asilimia 3 yake ni 1,800. Jumla ni 3,600. Stetimenti yako inasema 3,672. Zile 72 zimetoka wapi? Rudia hesabu, lakini safari hii ujumlishe mchango wenyewe kwenye deni. Mwezi wa pili unakuwa 40,600, na asilimia 3 yake ni 1,218. Mwezi wa tatu unakuwa 61,818, na asilimia 3 yake ni 1,854 na senti. Jumlisha 600, 1,218 na 1,854: ni 3,672.

Umeona? Mashine yao inatoza mchango juu ya mchango. Shilingi 72 ni nauli ya matatu, lakini ndiyo inayokuonyesha kwamba mfumo wa kompyuta umewekwa kama wa mikopo ya riba na kupachikwa jina jingine. Mkataba wako unasema asilimia 3 ya awamu zilizochelewa. Hausemi asilimia 3 ya awamu pamoja na sadaka iliyotangulia. Nayo sadaka ambayo hujaitoa haiwezi kuzaa sadaka. Liandike hili katika barua yako kwa takwimu zake, kwa sababu hesabu hiyo hiyo huenda inawapitia wateja wengine wote waliochelewa, na bodi yao ya sharia inapaswa kuijua.

Kisha kuna jambo la nani anatozwa. Mchango huu umewekwa kwa anayeweza akachelewesha. Aliyeshindwa kweli anasubiriwa. Aya ya 280 ya Suratul Baqara inasema akiwa na dhiki, basi ni kungojea mpaka afarijike. Wewe ulikuwa na tuktuk iliyokufa injini kwa wiki sita, na hilo lina ushahidi: risiti ya gereji yenye tarehe ya kuingia na kutoka. Peleka nakala, omba mchango wa miezi hiyo ufutwe. Wengi hawajui kwamba hili linaombwa. Wanaiona namba kwenye stetimenti, wanailipa huku wakinung'unika.

Ila hapo hapo nikwambie ukweli kuhusu bangili zako, maana umeuliza. Katika fiqhi, mwenye dhiki anayesubiriwa kwa haki ni yule asiye na mali ya ziada anayoweza kuiuza akalipa. Mwanamke mwenye dhahabu mkononi si mwenye dhiki kwa maana hiyo kamili. Kwa hiyo usiandike katika barua kwamba huna kitu. Andika kwamba chombo kilichokuwa kikilipa deni kilisimama, na sasa kinatembea. Hilo ni kweli tupu na linatosha. Kuuza bangili ni shauri lako na dhahabu ni yako, si ya mumeo wala ya benki. Ningekushauri usikimbilie kuziuza wiki hii. Ngoja kwanza ujue unadaiwa ngapi hasa, kwa sababu naona hudaiwi 300,000.

Hapa ndipo penye uzito wa barua yako, nami nataka twende polepole.

Mauzo mengi sokoni ni ya kuelewana. Ukienda Marikiti kununua gunia la vitunguu, muuzaji hakwambii alinunua kwa ngapi, na hana wajibu huo. Mnapatana bei, mnamalizana. Murabaha ni tofauti. Ni katika mauzo ya amana: muuzaji anasema mimi imenigharimu kiasi hiki, nami naongeza faida kiasi hiki. Mnunuzi hana njia ya kuikagua ile gharama, amemwamini. Ndiyo sababu wanazuoni wameibana sana. Gharama lazima iwe ya kweli, na faida lazima ijulikane. Kukosea faida si rahisi, maana iko mbele ya macho yenu wote. Kinachojificha siku zote ni gharama.

Ukiichambua ile 505,000, ina sehemu tatu. Bima 18,000 na usajili 7,000 zinaweza kuingia, kwa sharti kwamba ni pesa zilizolipwa kweli kwa watu wengine kwa ajili ya tuktuk hiyo hiyo, na kwamba umetajiwa. Umetajiwa, vizuri. Omba tu risiti zake. Mishahara ya wafanyakazi wa benki na kodi ya ofisi yao haingii kwenye gharama, hizo zinalipwa na faida. Sehemu ya tatu ndiyo 480,000 ya tuktuk. Kama ankara uliyoiona ndiyo iliyolipwa, benki haikutoa 480,000. Ilitoa 460,000.

Ni za nani basi zile 20,000? Ni zako. Kiwango cha AAOIFI cha murabaha kinasema benki ikipata punguzo kwa muuzaji juu ya bidhaa iliyokuuzia, hata likija baada ya mkataba kufungwa, mteja ananufaika nalo na bei inapunguzwa kwa kadiri yake. Katika madhehebu ya Shafii tunayoifuata pwani, kauli yenye nguvu ni kwamba muuzaji akisema imenigharimu mia kisha ikadhihirika ni tisini, ile ziada inaondolewa pamoja na faida yake. Abu Hanifa yeye alisema mnunuzi ana hiari, akubali kwa bei yote au arudishe. Kwa tuktuk iliyotembea zaidi ya mwaka kurudisha kuna tabu yake, kwa hiyo kauli ya Shafii ndiyo inayokufaa.

"Pamoja na faida yake" si maneno ya kupita. Faida yako ilikokotolewaje? Gharama 505,000 ukitoa 105,000 ulizotanguliza zinabaki 400,000 ambazo benki ilizitoa mfukoni. Asilimia 10 kwa mwaka ni 40,000, kwa miaka miwili ni 80,000. Hiyo ndiyo faida yako iliyoandikwa. (Nikuambie kitu pembeni, kwa siku nyingine utakapolinganisha benki na benki. Hiyo asilimia 10 imekokotolewa juu ya 400,000 mpaka mwezi wa mwisho, ingawa deni lako hupungua kila tarehe 5. Ukiigeuza kwa hesabu ya deni linalopungua, inakaribia asilimia 18 kwa mwaka. Si udanganyifu, maana murabaha inataka faida ijulikane kwa shilingi, nawe uliambiwa 80,000. Lakini usiilinganishe asilimia 10 ya huku na asilimia 16 ya benki nyingine ukadhani umepata nafuu. Linganisha shilingi kwa shilingi.)

Turudi. Gharama ya kweli ikiwa 485,000, ukitoa 105,000 zinabaki 380,000. Faida kwa kipimo kilekile ni 76,000. Bei inakuwa 561,000 badala ya 585,000. Ukitoa ulizotanguliza, deni la mwanzo lilipaswa kuwa 456,000, na awamu 24 za 19,000. Yaani kila tarehe 5 umekuwa ukitoa shilingi 1,000 isiyokuwa deni lako. Umelipa 180,000 kwa awamu 9, basi kilichobaki ni 276,000, si 300,000. Na malimbikizo ya hizi awamu tatu si 60,000. Kufikia sasa ulipaswa uwe umelipa mara 12 ya 19,000, yaani 228,000. Umelipa 180,000. Umepungukiwa 48,000.

Hata mchango wa kuchelewa utabadilika, maana umetozwa juu ya awamu kubwa kuliko ya haki.

Usiwatuhumu wizi, tafadhali. Huenda punguzo liliingia kwenye akaunti nyingine na aliyeandaa mkataba alikuwa na bei ya orodha tu. Wanaweza pia kukwambia kwamba 20,000 ni kamisheni yao kwa kumletea muuzaji wateja, si punguzo. Jibu lako liwe ankara. Kitu kilichoandikwa punguzo katika ankara ya tuktuk yako, na kilichoshusha jumla waliyolipa kwa tuktuk hiyo, ni punguzo la tuktuk hiyo. Ili kuondoa shaka, omba pia ushahidi wa malipo yenyewe: benki ilimtumia muuzaji shilingi ngapi, tarehe gani.

Tarehe hiyo itazame vizuri kwa sababu nyingine. Benki haiwezi kukuuzia kabla haijamiliki na kupokea. Mpangilio wa karatasi unapaswa uwe hivi: ahadi yako ya kununua, kisha benki inanunua kwa muuzaji, kisha ndio mnauziana. Mkataba wenu ukiwa na tarehe ya nyuma kuliko ununuzi wa benki, basi ile "gharama" iliyoandikwa ilikuwa makadirio, maana hakuna aliyekuwa amegharimika bado. Mara nyingi hapo ndipo tofauti ya 20,000 huzaliwa: mkataba umeandikwa kwa nukuu ya bei, na punguzo likaja siku ya kulipa.

Sasa kaa uandike barua, ukurasa mmoja, upeleke nakala mbili na moja wakupigie mhuri wa kupokea. Unaweza kuanza hivi:

"Rejea mkataba wa murabaha nambari (…). Naomba: (1) nakala ya ankara na uthibitisho wa malipo yenu kwa muuzaji, pamoja na risiti za bima na usajili, (2) bei irekebishwe kwa punguzo la shilingi 20,000 pamoja na faida yake, deni lililobaki liwe shilingi 276,000, (3) mchango wa kuchelewa ukokotolewe upya bila kutoza mchango juu ya mchango, na ufutwe kwa kipindi ambacho chombo kilikuwa gereji, risiti nimeambatisha, (4) deni hilo lipangwe upya kwa awamu 18 za shilingi 15,000 na ya mwisho shilingi 6,000, bila nyongeza. Sikubali kufungua murabaha mpya wa kulipia deni hili. Naomba barua hii ifikishwe kwa bodi ya sharia."

Siku hiyo hiyo unayopeleka barua, lipa 15,000. Usingoje jibu. Mdai anayeona pesa inaingia husikiliza tofauti, na muhimu zaidi, awamu ya kwanza uliyoikosa imeshapita siku 60. Kwa kanuni za Benki Kuu ya Kenya, deni likipita siku 90 bila kulipwa huhamishiwa fungu la madeni yasiyolipika vizuri, na jina lako likifika CRB, wanaoweka rekodi za wakopaji, kwa sura hiyo litakusumbua hata kwa mambo yasiyohusu tuktuk. Andika kwenye stakabadhi ya malipo kwamba ni ya awamu, isije ikakatwa kwanza kulipia mchango. Hapo ndipo bangili moja inaweza kuwa na kazi, kama tuktuk haijakusanya bado. Mbili sizioni sababu.

Wakikukatalia au wakanyamaza, kumbuka kwamba huu ni mkataba wa biashara chini ya sheria za Kenya. Watu wengi wa hapa kwetu hukimbilia kwa kadhi wakidhani kwa kuwa ni murabaha basi ni mahakama yake. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imeipa mahakama ya kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Mauzo ya tuktuk hayamo. Kadhi anaweza kukupa nasaha, hawezi kukupa hukumu itakayoifunga benki. Peleka malalamiko Benki Kuu, ukiambatisha barua yenye mhuri na ile ankara. Ikishindikana, iko mahakama ya madai madogo, inayosikiliza madai ya mikataba yasiyozidi shilingi milioni 1, na unaweza kujisimamia bila wakili. Kabla ya kwenda, soma kurasa za mwisho za mkataba uone kama mlikubaliana migogoro iende kwanza kwa msuluhishi.

Na ile nakala ya ankara, itoe fotokopi leo. Ya asili usimpe mtu, hata yule kijana mpole.